Jinsi ya kumsomea mwenye duka picha ya taarifa yake ya benki bila kumpotosha

Wanaotumiwa picha za taarifa za benki na wazazi au majirani zao wanakosea pale pale kila mara: wanajumlisha safu ya DEBIT yote, halafu wanatangaza kwamba hayo ndiyo makato. Mama mmoja mwenye duka la vyakula aliambiwa na mpwa wake kuwa benki imemkata milioni moja na laki nne kwa mwezi mmoja. Alifunga duka asubuhi ile ile, akapanda daladala kwenda kugomba. Makato yake halisi hayakufika hata elfu ishirini.

Mwongozo huu ni wa huyo mpwa. Nimeuandika kwa taarifa za benki za Tanzania, ambako maelezo ya miamala huchapwa kwa vifupisho vya Kiingereza hata kama mteja na karani wanaongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Picha za kurasa zote za kipindi anachokiulizia. Ukurasa mmoja wenye makato peke yake hautoshi.
- Karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu.
- Ujumbe wa simu ambao benki ilimtumia mwenye duka mwezi huo, kama hajaufuta.
- Risiti za wakala, za mashine ya kutolea fedha na za mashine ya kadi, zile zilizopo.
- Orodha ya ada ya benki yake. Huwa ukutani tawini au kwenye tovuti ya benki. Chukua ya mwaka huu, kwa kuwa ada hubadilika.
- Mwenye duka mwenyewe, ana kwa ana au kwenye simu. Usifanye kazi hii peke yako usiku ukamletea majibu asubuhi, maana nusu ya majibu anayo yeye.

Namba ya siri ya kadi au ya simu haihitajiki popote katika kazi hii. Akianza kukutajia, mkatishe.

## Hatua ya 1: Pata picha inayosomeka

Mwombe alaze karatasi mezani karibu na dirisha au mlangoni, bila mwanga wa kamera, na pembe zote nne zionekane. Mwanga wa kamera huacha doa jeupe, na mara nyingi doa hilo hukaa juu ya safu ya salio, safu unayoihitaji kuliko zote. Mkunjo wa karatasi nao hupita juu ya tarakimu, kwa hiyo ainyooshe kwanza.

Kila ukurasa uwe na picha yake. Kwenye WhatsApp atume kama faili, kwa kuwa ukituma kama picha ya kawaida hubanwa, na 3 na 8 zinaanza kufanana.

Azibe namba ya akaunti kwa kipande cha karatasi, aache tarakimu nne za mwisho. Picha isipite kwenye kundi la familia. Taarifa ya benki inaonyesha anauza kiasi gani, analipa nani, na siku gani huwa na fedha nyingi mkononi.

Utajua umefaulu ikiwa unasoma namba ya ukurasa chini ya kila picha, na BAL C/F ya ukurasa mmoja inalingana na BAL B/F ya ukurasa unaofuata. BAL C/F ni salio linalopelekwa mbele, BAL B/F ni salio lililoletwa kutoka nyuma. Yasipolingana, kuna ukurasa umerukwa. Usiendelee mpaka upatikane.

## Hatua ya 2: Jua upande upi ni upi

Taarifa ya benki imeandikwa kwa macho ya benki. Fedha zako zikiwa kwao, wao wanadaiwa na wewe. Ndiyo maana fedha zinazoingia kwako zinaitwa CREDIT au CR, na zinazotoka zinaitwa DEBIT au DR. Mtu aliyesoma utunzaji wa hesabu huchanganyikiwa zaidi hapa kuliko asiyesoma, kwa sababu kwenye daftari lake la duka mambo yako kinyume.

Mwenye duka usimweleze hayo yote. Mwambie tu: "Mama, safu hii ni zilizotoka, hii ni zilizoingia, na hii ya mwisho ni zilizobaki." Kalamu ikiwepo, andika maneno hayo matatu juu ya safu.

Kitu kimoja cha kuangalia: herufi mbili mwishoni mwa salio. Salio lenye CR ni fedha zake. Salio lenye DR, au alama ya kutoa mbele yake, maana yake akaunti iko chini ya sifuri na yeye ndiye anayedaiwa.

## Hatua ya 3: Tembeza salio mstari kwa mstari

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayookoa kazi nzima. Chukua salio la mstari wa juu, toa kilichotoka, ongeza kilichoingia. Jibu lazima liwe salio la mstari huo. Ukilipata, umehakikisha mambo mawili kwa mpigo: umesoma tarakimu sawasawa, na kiasi kiko kwenye safu uliyodhani. Kwenye picha iliyopigwa kiupande, kiasi cha CREDIT kinaweza kuonekana kama kiko chini ya DEBIT, lakini salio litakusuta.

Huu ni mfano nilioutengeneza kwa ajili ya somo. Viwango vya ada si vya benki yoyote.

```
DATE   DETAILS        DEBIT         CREDIT      BALANCE
01/03  BAL B/F                                  640,500.00
02/03  AGT CASH DEP                 850,000.00  1,490,500.00
03/03  TISS OUT       1,200,000.00              290,500.00
03/03  TISS CHG       10,000.00                 280,500.00
03/03  EXC DUTY       1,000.00                  279,500.00
03/03  VAT            1,980.00                  277,520.00
07/03  ATM WDL        200,000.00                77,520.00
07/03  ATM CHG        1,500.00                  76,020.00
08/03  REV ATM WDL                  200,000.00  276,020.00
31/03  MNTH FEE       3,000.00                  273,020.00
31/03  SMS CHG        1,?50.00                  271,670.00
```

Angalia mstari wa mwisho. Tarakimu moja imefunikwa na kivuli cha kidole. Huna haja ya kukisia wala kumsumbua mama apige picha nyingine: 273,020 ukitoa 271,670 unabaki na 1,350. Tarakimu iliyopotea ni 3.

Hesabu ikikataa, usikimbilie kusema benki imekosea. Kompyuta ya benki mara chache hukosea kutoa na kujumlisha. Aliyekosea kusoma au kunakili ni wewe. Tazama tofauti uliyoipata: ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa umegeuza tarakimu mbili, kwa mfano umeandika 540 badala ya 450. Tofauti hapo ni 90. Na tofauti ikiwa ni mara mbili ya kiasi fulani kilichopo kwenye ukurasa, kiasi hicho umekitoa mahali pa kukiongeza, au kinyume chake.

Utajua umefaulu ukifika mstari wa mwisho na salio lako ni lile lililochapwa.

## Hatua ya 4: Tenganisha fedha zake na gharama

Sasa pitia safu ya zilizotoka na uulize swali moja kwa kila mstari: je, mama alitaka fedha hizi ziende mahali? Milioni moja na laki mbili za tarehe 3 alizipeleka mwenyewe kwa muuzaji wa jumla. Hayo si makato, ni mzigo wa duka. Laki mbili za tarehe 7 alitaka kuzitoa. Nazo si makato.

Zinazobaki ndizo gharama. Kwenye mfano wetu ni mistari sita: 10,000, 1,000, 1,980, 1,500, 3,000 na 1,350. Jumla 18,830.

Safu yote ya DEBIT ingekupa 1,418,830. Hapo ndipo mpwa alipoitolea milioni moja na laki nne yake.

## Hatua ya 5: Kusanya watoto chini ya mama yao

Makato hayaji yakiwa yamepangwa. Muamala mmoja huzaa mistari miwili, mitatu au minne, na mwenye duka anaona kama amekatwa mara nne. Kazi yako ni kuirudisha mistari hiyo chini ya tukio lililoizaa. Tarehe husaidia, na kama kuna safu ya namba ya kumbukumbu (REF), watoto wa muamala mmoja kwa kawaida hubeba namba moja.

Kwenye mfano, TISS OUT imezaa watatu. TISS CHG ni ada ya kutuma. CHG, CHRG, COMM na FEE ni ndugu, yote ni malipo ya huduma. EXC DUTY ni ushuru wa bidhaa, asilimia 10 ya ada. VAT ni kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Hizo mbili za mwisho benki inazikusanya kwa niaba ya serikali. Hutozwa juu ya ada, si juu ya fedha iliyotumwa, na hilo ndilo jambo ambalo wenye maduka wengi huwa hawajawahi kuambiwa.

Thibitisha kwa kikokotoo. Asilimia 10 ya 10,000 ni 1,000, imekubali. Asilimia 18 ya 10,000 ni 1,800, lakini taarifa inasema 1,980. Usishtuke. Jumlisha ushuru kwenye ada kwanza: asilimia 18 ya 11,000 ni 1,980. Imekubali. Jaribu njia zote mbili kabla ya kusema mstari wa VAT si wa ada hiyo.

Benki nyingine haitenganishi. Utaona mstari mmoja tu wa 12,980. Ukiwa na shaka, gawanya kwa 1.298, utapata 10,000. Ndiyo sababu orodha ya ada isomwe mpaka chini, kwenye maandishi madogo yanayosema kama bei ina kodi ndani au haina. Watu wanagombana na makarani bure kwa kulinganisha bei isiyo na kodi na kato lenye kodi.

Na tafadhali, kila kitu kisiitwe tozo. Ukimwambia mama "ni tozo tu", umemfungia mlango wa kuuliza, wakati kati ya 12,980 serikali imechukua 2,980 na benki 10,000. Ile elfu kumi anaweza kuikwepa.

Ataikwepaje? Kwa kujua TISS ni nini. Ni mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania unaohamisha malipo kati ya benki na benki, kila malipo peke yake, na unafaa kwa fedha nyingi. EFT hupelekwa kwa mafungu kupitia kituo cha kubadilishana malipo, kwa hiyo huchelewa. TIPS, nao ni wa Benki Kuu, hufikisha fedha papo hapo kati ya benki na benki, au benki na mitandao ya simu. Mtu anayelipa mzigo wa milioni moja na ushee kila wiki afungue orodha ya ada na alinganishe njia hizo tatu kwa kiasi chake yeye. Karani akiulizwa "nataka kutuma" huchagua njia aliyoizoea. Akiulizwa "ipi ni nafuu kwa kiasi hiki na itafika lini", anafikiri tena.

## Hatua ya 6: Fuatilia kila REV hadi ada yake

REV, RVSL au REVERSAL ni muamala uliorudishwa. Tarehe 7 mama alikwenda kwenye mashine, ikazunguka, haikutoa fedha. Tarehe 8 laki mbili zikarudi. Yeye aliona ujumbe wa fedha kurudi, akafurahi, akasahau.

Lakini tazama tena: ATM CHG ya 1,500 haikurudi. Mfumo umerudisha fedha ukaacha ada. Ni kiasi kidogo ambacho hakuna anayekitafuta, na ndicho hasa mwenye duka ana haki ya kukidai, kwa sababu huduma haikutolewa.

Kwa kila REV, rudi nyuma utafute muamala wenye kiasi kile kile, kisha uangalie kama watoto wake wote wamerudi. Usiishie kwenye ukurasa huo huo. Muamala ulioshindikana tarehe 30 unaweza kurudishwa mwezi unaofuata. Ukiona fedha zimetoka kwa muamala ambao mama anaapa haukufanikiwa na hakuna REV popote, hilo ni kubwa kuliko ada. Aende benki siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 7: Makato ya mwezi

MNTH FEE, MAINT FEE na LEDGER FEE ni ada ya kuendesha akaunti. SMS CHG ni ada ya ujumbe wa taarifa. STMT CHG ni ada ya kuchapisha taarifa yenyewe. Hii ya mwisho huwaudhi watu: mama ameomba taarifa ili ajue anakatwa nini, naye amekatwa kwa kuomba.

Linalotisha zaidi ni kuona MNTH FEE tatu siku moja. Kabla ya kusema wamemwibia, rudi miezi ya nyuma uangalie salio. Akaunti ikikauka, ada hukosa pa kukatwa na inabaki kama deni. Siku ya kwanza fedha ikiingia, mfumo unakata yote pamoja. Hesabu miezi mikavu. Ikiwa ni mitatu na ada ni tatu, hesabu imekaa sawa. Ikiwa ada zimezidi miezi, unalo la kuuliza.

Mwenye duka anayepokea malipo kwa kadi ana jambo lake la pekee. Ameuza 85,000, lakini POS SETT, yaani fedha za mashine ya kadi zilizoingizwa kwenye akaunti, inasoma pungufu kidogo. Hapa hakuna mstari wa makato wa kutafuta, kwa kuwa ada ilishaondolewa kabla fedha hazijaingia. Itaonekana tu ukilinganisha na karatasi ya kufungia siku ya mashine ya kadi. Hiyo nayo ni gharama, iingie kwenye daftari.

Vifupisho vingine utakavyokutana navyo: DEP ni kuweka, WDL ni kutoa, TRF ni kuhamisha, AGT ni wakala, CHQ ni hundi, GEPG ni malipo ya serikali kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi huiita control number, INT ni riba, na WHT ni kodi ya zuio, asilimia 10 ya riba aliyopata. VAL DATE ni tarehe ambayo fedha inaanza kuhesabika kuwa yake, na inaweza kuwa tofauti na siku aliyoiweka.

Kifupisho usichokijua, usikibuni. Kiandike pembeni kwa herufi zake zilivyo, pamoja na tarehe na kiasi, kiende tawini.

## Hatua ya 8: Mpe jibu kwa lugha ya duka

Usimsomee mistari. Anza na swali lake. Yeye anachojua ni hiki: alikuwa na 640,500, akaweka 850,000, akalipa mzigo 1,200,000. Kichwani mwake zilipaswa kubaki 290,500, na ameona 271,670. Jibu lako lizibe pengo hilo, si zaidi. Nilimtumia mama mmoja sauti ya namna hii, kisha nikaiandika ili aibandike ndani ya daftari:

"Shikamoo mama. Pengo lako ni 18,830, na nimeliona lote. Ulipolipa mzigo tarehe 3, kutuma kulikugharimu 12,980. Humo ya serikali ni 2,980, iliyobaki ni ya benki. Akaunti na ujumbe wa simu kwa mwezi mzima ni 4,350. Halafu kuna 1,500 ya siku ile mashine ilipogoma. Hiyo wanapaswa kukurudishia, usiiache."

Akajibu, "Kumbe mwanangu hawakuniibia." Kisha baada ya kimya kidogo: "Ila hiyo elfu na mia tano naitaka."

Utajua umefaulu ikiwa mwenye duka anaweza kumweleza mtu mwingine pengo hilo bila wewe kuwepo. Mwombe akueleze wewe kwanza. Akikwama kwenye kodi, rudi hatua ya 5. Kwa kawaida hukwama hapo.

## Hatua ya 9: Dai linaloandikwa

Kwa mdomo kaunta, dai la 1,500 hupotea. Aandike barua fupi yenye tarehe ya muamala, kiasi, namba ya kumbukumbu kama ilivyochapwa, mahali mashine ilipo, na mistari mitatu inayohusika: ATM WDL, ATM CHG na REV ATM WDL. Aambatishe nakala ya ukurasa huo, si picha ya simu. Nakala ya pili ya barua agongewe muhuri wa kupokelewa na arudi nayo nyumbani, na kama kuna namba ya malalamiko aiandike juu yake.

Benki isipojibu au jibu lisiporidhisha, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa benki, lakini itauliza kwanza kama benki yenyewe ilipewa nafasi ya kulishughulikia. Ile nakala yenye muhuri ndiyo jibu.

Wakikubali, taarifa ya mwezi unaofuata itakuwa na mstari kama REV CHG, 1,500.00, kwenye safu ya zilizoingia. Kama ada hiyo ilikuwa imezaa EXC DUTY na VAT, hakikisha nazo zimerudi. Mara nyingine wanarudisha mama peke yake, watoto wanabaki.